Kikapu kimoja, vitambaa vitatu: namna ya kuzipima zana za bure za kukata picha

*Ninapiga picha za bidhaa za wauzaji wa mtandaoni hapa Iringa, hasa vikapu, viatu na nguo. Nimejaribu zana tatu za bure zinazoondoa usuli zenyewe, na kila rafiki ananiambia ya kwake ndiyo bora. Nitumie picha gani kuzijaribu, na nitajuaje bila upendeleo ni ipi inayokata kingo vizuri?*

Ndugu yangu, anza na ukubwa wa picha, kwa sababu ulinganisho mwingi huharibikia hapo kabla hata ukingo mmoja haujaangaliwa. Simu ya kawaida leo hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yaani pikseli milioni 12. Zana nyingi za mtandaoni hupokea picha hiyo yote lakini hukurudishia ndogo usipolipa. Remove.bg, kwa mfano, imejulikana kwa miaka mingi kwa kutoa bure picha isiyozidi pikseli milioni 0.25. Kwa umbo la picha yako hiyo ni takriban 577 kwa 433. Kila upande umepungua karibu mara saba. Unyasi uliochomoza kwenye mdomo wa kikapu na uliokuwa na upana wa pikseli tatu sasa hauna hata nusu ya pikseli. Hakuna zana inayoweza kuukata vizuri, maana haupo tena.

Sasa mtu akiweka picha hiyo ndogo kando ya ile kubwa iliyotoka kwenye zana nyingine, mambo mawili huweza kutokea, na yote ni dhuluma. Akizikuza zilingane, ndogo itaonekana imetafunwa pembezoni. Akizitazama kwenye kioo cha simu bila kukuza, ndogo itaonekana safi kuliko kubwa, kwa sababu kupunguza picha huficha makosa. Kwa hiyo fanya majaribio mawili, kila moja kwa swali lake. La kwanza: punguza matokeo yote hadi ukubwa wa ile iliyo ndogo kuliko zote, kisha linganisha. Hapo unapima akili ya zana. La pili: linganisha kwa ukubwa unaomkabidhi mteja. Hapo unapima kama zana inakufaa wewe. Muuzaji akitaka picha yenye upana wa pikseli 1080, zana inayotoa 577 imeshindwa jaribio la pili hata kama ilishinda la kwanza, na unaweza kusema hivyo bila kuionea.

Kuna ukubwa mwingine uliofichika zaidi, nao ni ule ambao zana yenyewe huutumia kufikiri. Chukua rembg, programu ya bure inayofanya kazi ndani ya kompyuta yako bila kupeleka picha popote. Watu huisema kama kitu kimoja, ilhali ndani yake unachagua modeli, yaani ubongo unaoamua pa kukata, na modeli zinatofautiana sana. Ile inayokuja usipochagua chochote, `u2net`, hupunguza picha yako hadi 320 kwa 320, huamua hapo kipi ni kitu na kipi ni usuli, kisha huunyoosha uamuzi wake hadi ukubwa wa awali. Kwa picha ya pikseli 4000, nukta moja ya uamuzi hubeba pikseli kumi na mbili na nusu za upana. `isnet-general-use` huamua kwa 1024 kwa 1024, kwa hiyo nukta moja hubeba takriban pikseli nne. Ndiyo maana ya kwanza mara nyingi hutoa ukingo laini, wa mviringo, kana kwamba kikapu kimepakwa udongo, na ya pili hukamata meno ya msuko. Ukiandika kwenye daftari lako "rembg" bila jina la modeli, hujaandika kitu. Modeli huchaguliwa baada ya `-m`, kwenye dirisha la amri la kompyuta:

```
rembg i -m u2net kikapu.jpg kikapu-u2net.png
rembg i -m isnet-general-use kikapu.jpg kikapu-isnet.png
```

Sasa picha zenyewe. Huhitaji mia. Sita zinatosha, mradi kila moja iulize swali lake. Mbili kati ya hizo ni nyepesi kueleza: boksi au kitabu cheusi mbele ya ukuta mtupu, ambacho kila zana lazima ikikate kwa mistari iliyonyooka na pembe kali (zana ikishindwa hapo usiendelee nayo), na shati jeupe mbele ya ukuta mweupe, kuona kama bega litaliwa. Ya tatu ni kiatu sakafuni chenye kivuli. Hapo amua mapema kama unataka kivuli kibaki au kiondoke, uandike uamuzi huo kabla ya kuona matokeo, la sivyo utajikuta unaisifu zana iliyokiacha na kuilaumu nyingine iliyofanya hivyo hivyo. Ya nne ni mtu mwenye nywele za asili zilizochanuliwa, mwanga ukitoka nyuma yake. Ya tano ni chupa ya kioo, ambayo nitaizungumzia mwishoni. Ya sita ni kikapu, na hicho ndicho nataka tukae nacho.

Kikapu cha milulu kina karibu kila shida ya ukingo mahali pamoja. Vishikio viwili vina mwanya unaoonyesha usuli. Mdomo una meno ya msuko. Kuna nyasi ndogo zilizochomoza. Na rangi yake ya kahawia hafifu hukaribiana na ya ukuta, mkeka na sakafu nyingi. Lakini ukikipiga picha moja tu na kuzipa zana, utabaki na maoni: wewe utasema hii, rafiki atasema ile. Unachohitaji ni picha inayokupa jibu la kulinganishia, na njia rahisi ninayoijua ni kupiga kikapu hicho hicho mara tatu bila kukisogeza, ukibadilisha kitambaa cha nyuma tu.

Weka kikapu ukingoni mwa meza, ukitie mzigo ndani, kilo mbili za sukari zinatosha, kisitikisike. Simu iwe kwenye stendi, na utumie kipima muda cha sekunde tatu ili kidole chako kisiisogeze. Funga mwanga na fokasi, kwa sababu simu ikiachwa huru itabadilisha mwanga kila kitambaa kinapobadilika. Simu nyingi hufunga ukibonyeza kioo kwa muda bila kuachia. Zima pia HDR. Kisha ning'iniza nyuma, umbali wa mita moja au zaidi, kitambaa cha buluu iliyokolea, upige. Toa, weka shuka ya rangi ya krimu, upige. Toa, weka kanga yenye maua makubwa, upige. Ule umbali wa mita moja una sababu: kitambaa kikiwa karibu, rangi yake huakisika kwenye mbavu za kikapu, na hapo utakuwa umebadilisha kitu chenyewe na si usuli peke yake. Sehemu inayogusa meza usiihukumu kabisa. Hukumu kilicho juu ya meza.

Umbo la kikapu halikubadilika. Kwa hiyo zana nzuri inapaswa kutoa umbo lile lile mara tatu. Popote inapotoa maumbo tofauti, imekosea angalau mara moja, na hilo si suala la ladha tena. Picha ya kitambaa cha buluu ndiyo nyepesi, kwa sababu kikapu kinang'aa mbele ya giza, kwa hiyo itumie kama kipimo chako. Nyingine mbili ndizo mtihani.

Ili kuona tofauti hizo, toa kwanza ramani ya uwazi ya kila tokeo. Ni picha ya rangi nyeusi, nyeupe na kijivu iliyobebwa ndani ya faili la PNG: nyeupe ni palipobaki, nyeusi ni palipokatwa, kijivu ni palipoachwa nusunusu. Kisha pata tofauti kati ya ramani mbili. Kwa ImageMagick, ambayo nayo ni ya bure, inakuwa hivi:

```
magick buluu.png -alpha extract a.png
magick krimu.png -alpha extract b.png
magick a.png b.png -compose difference -composite tofauti.png
```

Kwenye `tofauti.png`, palipo peusi matokeo mawili yamekubaliana, na palipong'aa yamepingana. Kabla ya kuilaumu zana, hakikisha kamera haikusogea. Namna ya kujua ni rahisi: simu ikiwa imesogea, utaona mstari mwembamba pande mbili zinazotazamana tu, tuseme kushoto na kulia mwa kila kitu, huku juu pakiwa safi. Zana ikiwa ndiyo iliyobadili mawazo, mistari huja kwa mabaka, hapa ipo, pale haipo. Ukiona dalili ya kwanza, rudia kupiga. Usijaribu kuzisogeza picha kwa mkono.

Tuseme una zana A, B na C. A imekata vizuri kwenye buluu. Kwenye krimu imemega kipande cha mdomo wa kikapu chenye ukubwa wa kidole, na kwenye kanga imebaki na ua moja lililogandana na kishikio. Picha zake za tofauti zina mabaka mawili yanayong'aa. B imetoa umbo lile lile mara tatu na tofauti yake ni karibu nyeusi tupu, lakini ukitazama ramani yenyewe, nyasi zote zimenyolewa na meno ya msuko yamekuwa mstari mmoja laini. C imekamata meno na nyasi, na tofauti yake ina vumbi dogo tu, ila mwanya wa kishikio cha nyuma umezibwa mara zote tatu.

Angalia kilichotokea kwa C. Kosa kubwa kuliko yote halionekani kabisa kwenye picha ya tofauti, kwa sababu zana imelirudia kila mara. Huo ndio mpaka wa njia hii: inafichua kuyumba, haifichui kosa la kudumu. Kwa hiyo baada ya tofauti, pitia kila ramani kwa macho na uulize mambo mawili ambayo majibu yake unayajua kwa kukitazama kikapu chenyewe. Je, mianya yote iko wazi? Je, kuna kitu kisicho kikapu kilichobaki?

Usiikubali kirahisi asilimia unayoonyeshwa mahali popote kama kipimo cha ubora. Fikiria picha ya pikseli 1000 kwa 1000 yenye kitu cha duara chenye nusu kipenyo cha pikseli 350. Eneo lake ni karibu pikseli 385,000, na mzingo wake ni karibu 2,200. Zana ikikosea kwa upana wa pikseli mbili kuzunguka ukingo wote, imekosea pikseli kama 4,400. Hiyo ni takriban asilimia 1.1 ya kitu. Mtu atakutangazia usahihi wa asilimia 98.9, huku hakuna hata sentimita moja ya ukingo iliyokatwa sawasawa. Kitu kikubwa kina tumbo kubwa, na tumbo hilo hupatiwa na kila zana. Ukitaka kuhesabu, hesabu kwenye utepe mwembamba wa ukingo peke yake.

Mimi huhesabu kwa vipande. Kabla ya kuzipa zana picha, ninachagua sehemu nane za ukingo kwenye picha ya awali, kila moja mraba wa pikseli 200: mbili rahisi, mbili za nyasi, mbili za mianya, mbili mahali ambapo rangi ya kikapu inakaribiana na usuli. Ninaziandika mahali zilipo. Baada ya hapo ninatazama vipande hivyo tu, vyote kwa ukuzaji wa asilimia 100, na kila kimoja nakipa alama ya 0, 1 au 2: kinahitaji kukatwa upya, kinahitaji kuguswa kidogo, au kiko tayari. Ukichagua sehemu baada ya kuona matokeo, jicho litakimbilia pale ambapo zana usiyoipenda imeharibu. Kwa sababu hiyo hiyo, mwombe mtu mwingine abadilishe majina ya mafaili yawe A, B, C, na herufi zibadilike kwa kila picha. Asikuambie hadi umalize kuandika alama. Rafiki zako wanaobishana nawe wafanye hivyo hivyo, kila mtu peke yake, kisha mlinganishe karatasi.

Sasa rangi ya kubandikia. Programu nyingi hukuonyesha tokeo juu ya miraba midogo ya kijivu na nyeupe. Usihukumu hapo, ile miraba inavunja mistari na kuficha nyuzi nusu wazi. Bandika kila tokeo juu ya rangi nne tupu: nyeupe, nyeusi, kijivu cha katikati, na moja kali kama zambarau. Niliwahi kukata viatu vya mteja nikivitazama juu ya nyeupe siku nzima, vikaonekana safi kabisa. Yeye akaviweka kwenye tangazo la buluu nzito, na kila kiatu kikawa na utepe mweupe kukizunguka. Nilirudia viatu thelathini na vinne kwa gharama yangu. Ukingo uliobaki na weupe wa ukuta hauonekani juu ya weupe, ndivyo ilivyo, na uliobaki na giza hauonekani juu ya giza. Kubandika juu ya kijivu, kwa mfano, ni hivi:

```
magick kikapu.png -background "#7F7F7F" -alpha remove -alpha off kijivu.png
```

Na ukiona utepe wa namna hiyo, usikimbilie kusema zana imekata vibaya. Kuna makosa mawili yanayofanana kwa sura. La kwanza ni la umbo: zana imekata nje ya kitu na kubeba ukuta pamoja nacho. La pili ni la rangi: umbo ni sahihi, unywele umeachwa nusu wazi kama inavyotakiwa, lakini pikseli yake bado ina rangi mchanganyiko, nusu unywele na nusu ukuta, kwa sababu ndivyo kamera ilivyoipokea. Ukiibandika juu ya rangi nyingine, ule ukuta wa zamani unakuja nayo. Kutofautisha, tazama ramani ya uwazi peke yake kando ya picha ya awali. Ukingo wa ramani ukiwa nje ya ukingo wa kitu, ni umbo. Ukiwa mahali pake na utepe bado upo, ni rangi.

Tofauti hii ina faida ya moja kwa moja, maana tiba zake si moja. La umbo hutibiwa kwa kuisogeza ramani ndani pikseli moja au mbili, na ukifanya hivyo kwenye nywele unazinyoa. La rangi hutibiwa kwa kukadiria upya rangi halisi ya unywele. Zana nyingine hufanya hivyo zenyewe, na rembg hufanya ukiongeza `-a`, ambayo huuchakata upya ukingo na kukadiria rangi ya mbele. Huchukua muda mrefu zaidi, na kwenye kitu chenye ukingo mgumu kama boksi inaweza kuuharibu ukingo uliokuwa mzuri. Hivyo ukijaribu rembg, ihesabu kuwa zana mbili, yenye `-a` na isiyo nayo, kila moja na alama zake.

Kwa hali yako, kati ya zile A, B na C za mfano, mimi ningechukua C kwa vikapu. Mwanya uliozibwa ni kosa kubwa kwa macho lakini dogo kwa kazi: kwenye programu ya kuhariri picha kama GIMP unauzungushia alama, unafuta, dakika mbili zimeisha, na unajua mapema kwamba litakuwepo. Nyasi zilizonyolewa na B huwezi kuzirudisha bila kuzichora. Lakini kwa picha ndogo za orodha ya bei, zenye upana wa pikseli 400, nyasi hizo hazionekani na B inatosha. A ndiyo ningeiacha, hata kama jumla ya alama zake ingekaribia za wenzake, kwa sababu hujui safari hii imemega wapi, na itakulazimu kukagua kila picha kuanzia juu hadi chini. Pima hilo kwa saa: chukua picha sita za matokeo ya kila zana, zirekebishe hadi uwe tayari kumkabidhi mteja, uandike dakika. Namba hiyo naiamini kuliko alama zangu mwenyewe.

Kabla hujaamua, soma masharti. Modeli ya RMBG ya kampuni ya BRIA, ambayo watu huipakua bila malipo na huipata pia ndani ya rembg kwa jina `bria-rmbg`, imetolewa kwa matumizi yasiyo ya kibiashara. Wewe unalipwa kwa picha hizo, kwa hiyo kwako haihesabiki kuwa ya bure.

Ile chupa ya kioo nimeiweka kwenye seti ili ujue mahali pa kusimama. Ndani ya kioo unaona ukuta uliopita katikati yake, na kwenye kingo unaona ukuta uliopinda. Zana ikiiacha chupa yote bila uwazi wowote, inabeba ukuta ndani ya tumbo lake. Ikiifanya nusu wazi, usuli mpya utaonekana ndani yake ukiwa umenyooka, jambo ambalo kioo halisi hakifanyi. Kwa hiyo kwa chupa usitoe alama ya ndani, toa ya mzingo wa nje peke yake. Na siku muuzaji wa mafuta atakapokuletea chupa zake, zipige moja kwa moja juu ya rangi atakayoitumia kwenye tangazo.